Barua ya shukrani kwa shangazi aliyenipa kidani cha marehemu bibi

SWALI: Asalaam aleikum sheikh. Nimeolewa Mfungo Pili iliyopita, na usiku wa kupambwa shangazi yangu wa Wete alinivisha shingoni kidani cha dhahabu cha kizamani, cha marehemu bibi. Sasa niko Unguja kwa mume wangu na nataka kumwandikia barua ya shukrani. Wifi yangu anasema shukrani ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na kumsifu mtu kwa barua ni kumharibia ujira wake. Tena nimeshaandika kuwa "sitokiuza kidani hiki mpaka kufa kwangu", nikaingiwa na wasiwasi kuwa nimejifunga. Bibi aliacha watoto watatu, baba yangu na mashangazi wawili. Huyo mwengine yuko Chake. Babu na wazee wa bibi walitangulia zamani. Shangazi wa Wete macho yake si mazuri, barua husomewa na watoto. Niandikeje?

JIBU: Waaleikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah akubarikieni wewe na mumeo na akukusanyeni katika kheri.

Barua iandike, tena usiicheleweshe. Wifi yako ameshika nusu ya maneno. Katika Suratu Luqman, aya ya 14, Mwenyezi Mungu anamuamrisha mwanaadamu amshukuru Yeye na awashukuru wazazi wake wawili, amri moja katika aya moja. Na katika hadithi ya Abu Huraira, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Mtume, rehma na amani zimshukie, amesema kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Pia ametufundisha kuwa mtu akitufanyia wema tumlipe, na tukikosa cha kumlipa tumuombee dua mpaka tuone kuwa tumemlipa. Bi harusi wa juzi hana cha kulipia kidani cha dhahabu. Una dua, na una kalamu.

Anachokikhofia wifi yako kina asili lakini, na usimdharau. Mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Mtume, naye akamwambia: "Umeikata shingo ya mwenzako." Kisha akaelekeza kuwa ambaye hana budi kusifu aseme, "namdhania hivi, na Mwenyezi Mungu ndiye amjuaye". Kwa hivyo taja alichokufanyia shangazi, kama kilivyokuwa, na uache yale ya "hakuna mwanamke duniani mwenye moyo kama wako" na "wewe ni mtu wa peponi". Hayo huyajui. Unajua kuwa alikuita, akakivua au akakitoa alipokiweka, akakufunga mwenyewe shingoni. Andika hilo.

Kilichonisimamisha mimi katika suali lako ni maneno matatu uliyoyapita mbio: "cha marehemu bibi".

Hiba katika madhehebu yetu ya Shafi husimama kwa mtoaji kutoa, mpokeaji kukubali, na kitu kukabidhiwa kwa idhini ya mtoaji. Kuvishwa shingoni ni kukabidhiwa kusikokuwa na shaka, na hapo shangazi hawezi kurejea nyuma na kukidai, kwani kurejea katika hiba kumeruhusiwa kwa mzazi kwa mwanawe tu. Lakini yote hayo ni kwa kitu ambacho mtoaji anakimiliki. Na kidani cha bibi hufika mkononi mwa binti yake kwa njia tatu, nami nimeyaona yote matatu kwetu Pemba.

Njia ya mwanzo, bibi alimpa shangazi angali hai na akamkabidhi: akakivaa kwenye harusi zake, akakiweka kwenye kasha lake, watu wakikiona wanasema cha fulani. Kikiwa hivyo, ni chake chote, amekupa chake, na huna la kuuliza tena.

Ya pili ndiyo inayowaghuri wengi. Bibi alikuwa akisema, "Nikifa kidani hiki chako wewe mwanangu," kisha akabaki nacho mwenyewe mpaka akafa. Hiyo si hiba, ni wasia, na Mtume amesema hapana wasia kwa mrithi. Haupiti ila warithi wengine wauridhie baada ya kufa kwake. Watu hudhani maneno ya marehemu yanatosha kwa kuwa yalisikiwa na kila mtu nyumbani. Hayatoshi.

Ya tatu, hakuna aliyesema kitu. Shangazi ndiye aliyekuwa akikaa na bibi na kumuuguza, kasha likabaki chumbani kwake, na miaka ikapita. Shamba la mikarafuu likagaiwa, nyumba ikagaiwa, kidani kikasahauliwa. Wazee wetu ni wepesi wa kugawa mikarafuu mti kwa mti na wazito wa kufungua kasha la mama yao.

Ikiwa ni ya pili au ya tatu, kidani ni mirathi ambayo haijagaiwa. Tuchukulie bibi hakuacha deni wala wasia wa mtu wa nje, na warithi ni hao watatu uliowataja. Mwanamume ana fungu la wanawake wawili, kwa hivyo kidani ni mafungu manne: mawili ya baba yako, moja la shangazi wa Wete, moja la shangazi wa Chake. Kama sonara atakithamini, tuseme, shilingi 8,000,000, basi baba ana 4,000,000 na kila shangazi ana 2,000,000. Shangazi wa Wete alipokuvisha, alikupa kwa haki robo yake, na hiyo imeshakuwa yako, kwani kwetu Shafi inafaa mtu kutoa hiba fungu lake katika kitu cha shirika. Robo tatu zinangojea kauli ya wenyewe.

Usije ukasema baba alikuwepo, au shangazi wa Chake alipiga vigelegele usiku ule, basi wameridhia. Mtu mwenye haya hawezi kumnyang'anya bi harusi kidani mbele ya wageni. Mtume amesema mali ya Muislamu si halali ila kwa ridhaa ya nafsi yake, na wanavyuoni wamehisabu kilichochukuliwa kwa haya kuwa kama kilichochukuliwa kwa nguvu. Ridhaa inataka kauli, baadaye, mtu akiwa ametulia.

Sikilizeni kisa cha Bi Zainab, binti wa Mtume. Alipoolewa na Abul-Aas bin Rabii, mama yake, Bi Khadija, alimpa kidani. Katika mwaka wa 2 wa Hijra Abul-Aas alitekwa Badr, na Bi Zainab, ambaye alikuwa bado Makka, akapeleka mali ya kumkomboa mumewe, na ndani yake mna kile kidani. Anahadithia Bi Aisha, katika mapokezi ya Abu Daud, kuwa Mtume alipokiona alimuonea binti yake huruma nyingi. Juu ya hivyo hakukirejesha kwa amri yake. Aliwaambia masahaba: "Mkiona kumuachilia mateka wake na kumrejeshea kilicho chake, fanyeni." Wakasema naam. Kiongozi wa umma, mbele ya kidani cha marehemu mkewe, aliwauliza kwanza wale waliokuwa na haki katika fidia ile.

Basi kabla ya barua, mpigie simu baba yako. Yeye ndiye wa kulizungumza hili, si wewe, mtoto akimuuliza shangazi yake "ulikipata vipi?" inakuwa tusi hata kama hakukusudia. Baba amuulize dada yake kwa upole kilikujaje kwake. Ikibainika ni mirathi, aseme kwa kauli kuwa fungu lake amekupa, kisha azungumze na dada yake wa Chake. Akiridhia, kidani ni chako chote. Asiporidhia, hana lawama, ni haki yake: baba au shangazi amnunulie fungu lake, au mwenyewe akuachie ukivae kwa kuazima mpaka mpatane. Ikitokea magomvi, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana pale Zanzibar hugawa mirathi, na Kadhi yupo. Lakini kwa kidani kimoja baina ya ndugu watatu sidhani kama mtafika huko.

Nije kwenye "sitokiuza mpaka kufa kwangu". Hiyo si nadhiri, kwa sababu nadhiri huwa juu ya jambo la ibada, na kutouza pambo ni jambo la mubaha tu. Ni ahadi, na kutekeleza ahadi katika madhehebu yetu ni suna iliyotiliwa nguvu. Ungeandika "Wallahi sitokiuza" lingekuwa jambo jengine: ni kiapo, na siku utakayokiuza itakulazimu kafara iliyotajwa katika Suratul Maida, aya ya 89, kulisha maskini kumi, kila mmoja kibaba cha chakula, au kuwavisha, na usiyeweza hayo ufunge siku tatu. Mimi nakushauri uyafute maneno hayo, hata bila ya kiapo. Dhahabu ya mwanamke ni akiba yake. Hujui lini utahitaji kumtibu mtoto au kumsaidia mume, na Bi Zainab alikitoa kidani cha mama yake kwa ajili ya mumewe bila ya mtu kumuona kuwa amemvunjia mama heshima. Tena kama mafungu ya wengine bado yamo ndani, unaahidi juu ya mali isiyokuwa yako.

Baada ya baba kukupa jibu, barua yaweza kuwa hivi:

"Kwa shangazi yangu mpenzi. Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nashikamoo. Mimi na mume wangu hatujambo, alhamdulillahi. Shangazi, usiku ule uliponifunga kidani kwa mkono wako sikuweza kusema kitu mbele ya watu, ndiyo nasema leo. Nimekipokea na nimekipenda. Kila nikikivaa nakuombea wewe, na namuombea bibi maghufira. Jazakillahu kheri, Mwenyezi Mungu akulipe bora kuliko ulichonipa, akupe afya ya macho na mwili. Nisalimie wote hapo nyumbani. Mwanao."

Ikiwa shangazi wa Chake naye ameridhia fungu lake, ana haki ya shukrani kama mwenzake. Mwandikie barua yake mbali, usimtie kwenye hii kwa salamu za pembeni. Na yale ya mafungu na ya nani amesema nini yasiingie katika barua yoyote kati ya hizo mbili, kwani mtoto atakayemsomea shangazi wa Wete atasoma kwa sauti, na mlango uko wazi, na jirani yupo barazani. Hayo yaacheni yamalizwe na baba yako kwa mdomo.

Wallahu aalam.