Mshono wa upasuaji: ulipochemka, ulipofunga, ulipowasha

Siku ya nane baada ya kujifungua kwa upasuaji, kona ya kulia ya mshono wangu ilianza kuuma upya. Nikajitazama kwa kioo cha mkononi, sikuona wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Sehemu hiyo huzidi weusi, ikavimba na kung'aa. Aliyegundua ni mama yangu. Aliweka mgongo wa kiganja chake kwenye kona ile, kisha akauhamishia upande wa kushoto. "Mwanangu, huku kunachemka," akasema. Jioni khanga ilikuwa na doa la manjano lenye harufu, na homa ilikuwa 38.4.

Tulikwenda hospitali usiku uleule. Nesi alifungua kidogo kona ile, usaha ukatoka, nikaandikiwa antibiotiki, na kwa wiki tatu nikawa nakwenda kusafishwa. Kwa hiyo mama mwenzangu, ulinganishe mshono wako kwa mgongo wa mkono, kushoto na kulia, kila asubuhi. Maumivu ya mshono yanatakiwa kupungua siku hadi siku. Yakigeuka na kupanda, au ukiona usaha, harufu, homa kuanzia 38, mshono kuachia, au uchafu wa ukeni unaonuka, nenda siku hiyohiyo. Usinyunyizie unga wa vidonge wala majivu.

Kuhusu kukandwa: shangazi yangu alikuja na beseni la maji ya moto kwa upendo wote, nami nilimkatalia. Ngozi ya kuzunguka mshono huwa imekufa ganzi kwa sababu mishipa midogo ya fahamu imekatwa, kwa hiyo unaweza kuungua bila kusikia. Nilichofanya mimi ni kuosha kwa maji na sabuni isiyo kali, kukausha kwa kitambaa safi kwa kugusagusa, kisha kulala chali na kuinua mkunjo wa tumbo ili upepo upite. Unyevu unaojificha chini ya mkunjo ule ndio ulioniponza.

Kona ilipofunga kabisa, bila gaga wala maji, wiki ya sita, daktari aliniruhusu kuanza silikoni. Ni kipande laini kinachonata, nami nilikikata kizidi kovu kwa sentimita moja hivi kila upande. Kazi yake ni kuzuia ngozi ya kovu isikauke, na kovu lisilokauka halisukumwi sana kujijenga kupita kiasi. Nilianza na saa nne kwa siku, nikapanda taratibu hadi zaidi ya saa 12, kwa miezi mitatu. Kila siku nilikiosha kwa sabuni, nikakiacha kikauke chenyewe, nikakirudisha. Jasho la Dar liliponitoa vipele nilipumzika siku mbili. Silikoni hulainisha kovu na kulishusha, lakini hailifuti. Na kama kovu lako linatambaa nje ya mstari wa kisu, hiyo ni keloidi; muone daktari wa ngozi mapema, kwa kuwa huenda ukahitaji sindano.

Kuchua nako nilianza baada ya daktari kukubali. Watu wengi wanakosea hapa: wanasugua ngozi juujuu. Unaweka vidole viwili, unabonyeza hadi usikie ngozi imeshikana na nyama ya chini, halafu unaisogeza pamoja na vidole, juu na chini, kushoto na kulia, kisha kwa miduara midogo. Nilipaka mafuta ya mgando kiasi cha punje ya mahindi, nikachua dakika tano asubuhi na tano usiku, nikaosha na kukausha kabla ya kuirudisha silikoni, maana haishiki kwenye mafuta. Wiki za mwanzo kona yangu ya kulia haikusogea kabisa, kama imegundishwa. Mwezi wa tatu ikaanza kuteleza, na ule mvuto niliokuwa nausikia nikinyanyuka na mtoto ukapungua. Kuvutika ni kawaida. Maumivu makali au ngozi kuchubuka, acha kwanza.

Mwasho ulinitesa zaidi usiku. Kovu linalojijenga huwasha, na ngozi kavu huzidisha. Kucha zikichubua, unafungua mlango upya, kwa hiyo nilikuwa naweka kitambaa kilicholowa maji baridi dakika chache, nakausha, kisha nabonyeza kwa kiganja badala ya kukuna. Silikoni yenyewe iliupunguza sana. Mwasho wenye vipele vyenye maji, au unaokuja na joto na maumivu, usiuchukulie kuwa wa kupona, uonyeshe.

Na hata baada ya mwaka, ukipapasa ukakuta uvimbe ndani ya kovu unaouma kila ukikaribia hedhi kisha unatulia, mweleze daktari wa wanawake hivyohivyo, na umtajie tarehe. Chembe za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huweza kubaki kwenye kovu na kuvimba kila mwezi. Uvimbe huo hauishi kwa kuchua.