Mkono ukipotea, roboti isimame: usiiache na amri ya mwisho

*"Wakuu, natumia MediaPipe kusoma mkono, laptopu inatuma herufi kwa blututhi kupitia HC-05 kwenda Arduino Uno. Kidole cha shahada juu ni mbele, ngumi ni kusimama. Mkono ukipotea kwenye kamera roboti ilikuwa inakwamakwama, kwa hiyo nimeiacha iendelee na amri ya mwisho mpaka ione ishara nyingine. Jumamosi naionyesha shuleni, juu ya meza. Ninunue kamera ipi, na nifanyeje ikate kona taratibu?"*

Toa hicho kitu leo, kabla hujalala. Hilo unaloliona ni suluhisho limeniharibia roboti mara mbili, na wewe unataka kuiweka juu ya meza mbele ya watoto.

Mara ya kwanza ilikuwa Sinza, barazani kwa shangazi, wakati wa masika. Laptopu iko juu ya kigoda, mimi nimekaa kwenye kiti, roboti inatembea sakafuni. Nikanyanyua kidole, ikaenda. Ikaikaribia ngazi, na mimi nikafanya ambacho mtu yeyote angefanya: niliruka kutoka kitini kuikimbilia, huku nimekunja ngumi. Ngumi nilikuwa nimeibana kweli kweli, ila kamera ilikuwa inatazama kiti kitupu. Programu haikuona mkono, kwa hiyo haikutuma kitu. Arduino nayo ilikuwa imeshika herufi F ya kwenda mbele, ikaendelea kuitii mpaka roboti ikadumbukia kwenye mtaro uliojaa maji meusi. Uno, L298N ya kuendesha mota na betri zote mbili, vitu nilivyovifuata Kariakoo kimoja kimoja, vikaishia pale.

Tatizo ni hili: ngumi ni ishara, na ishara lazima ionekane ndipo ifanye kazi. Ukiifanya kuwa breki yako pekee, breki inategemea kamera ikuone vizuri wakati ule ule ambapo haikuoni. Mkono unapotea ukipita haraka, kwa sababu picha inakuwa na ukungu. Unapotea ukiugeuza ubavu, vidole vikafichana. Unapotea mwanga ukipungua jioni. Na mtu aliyeshtuka mkono wake unakwenda haraka kuliko wakati wowote. Kwa hiyo amri ya kusimama ndiyo yenye nafasi kubwa kuliko zote ya kukosekana.

Aliyenifundisha kuiacha na amri ya mwisho ni mwalimu mmoja wa video mtandaoni, na hasira yangu kwake haijaisha. Video nzima amekaa bila kutikisika, roboti iko kwenye ukumbi mpana, na kwenye programu yake mstari wa kutuma amri umo ndani ya `if` ya kuona mkono. Mkono usipoonekana, hakuna kilichoandikwa. Nilimuuliza pale chini kuhusu hilo, akanijibu niweke tu mkono mbele ya kamera. Watu wanatoa pesa zao kununua vifaa kwa kumwamini mtu wa namna hiyo!

Nikajenga upya, safari hii nikageuza mpangilio: kusimama ndiyo hali ya kawaida, na roboti inatembea tu wakati ishara imeshikiliwa. Kule kukwamakwama kwako kunatokana na mkono kupotea fremu moja au mbili kisha kurudi. Dawa yake ni kuvumilia muda mfupi unaoujua, siyo kuvumilia milele. Mimi navumilia sekunde 0.2:

```python
if results.multi_hand_landmarks:
    amri = soma_ishara(results.multi_hand_landmarks[0])
    t_mkono = time.monotonic()
elif time.monotonic() - t_mkono > 0.2:
    amri = "S"
bt.write(amri.encode())
```

Anza na `amri = "S"`, yaani simama, na `t_mkono = 0` kabla ya kitanzi. Angalia mstari wa mwisho ulipokaa: uko nje ya `if`, kwa hiyo amri inatumwa kila fremu hata kama haijabadilika. Na `soma_ishara` ikikutana na mkono isioutambua, irudishe S. Isikisie.

Nikadhani nimemaliza. Wiki chache baadaye umeme ukakatika. Betri ya laptopu yangu ilikuwa imekufa zamani, inategemea waya tu, ikazimika papo hapo. Nani sasa wa kutuma S? Roboti ikaenda moja kwa moja ukutani na kuendelea kusukuma ukuta. Mota iliyozuiwa isizunguke inavuta umeme mwingi sana, na zile mota ndogo za njano zina gia za plastiki. Nilipoifikia, gia za upande wa kushoto zilikuwa zimeisha meno na L298N haishikiki kwa moto.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uamuzi wa mwisho wa kusimama lazima ukae ndani ya roboti yenyewe. Laptopu inaweza kuzimika, programu inaweza kufa, HC-05 inaweza kukata mawasiliano, na Arduino haina namna ya kujua kwa nini imenyamaziwa. Inachoweza kujua ni kwamba imenyamaziwa, na hicho kinatosha:

```cpp
unsigned long mwisho = 0;

void loop() {
  while (Serial.available()) {
    char c = Serial.read();
    if (tekeleza(c)) mwisho = millis();
  }
  if (millis() - mwisho > 300) simama();
}
```

`tekeleza` irudishe `true` kwa herufi unazozijua tu, ili takataka za njiani zisihesabiwe kama amri. Usiweke `delay()` popote humo. Arduino ikisinzia, herufi zinajipanga foleni, na ikiamka inaanza kutii mambo ya zamani.

Hesabu yake ni hii. Kamera ikitoa fremu 20 kwa sekunde, amri inafika kila milisekunde 50, kwa hiyo hata zikipotea kadhaa mfululizo roboti haikatiki mwendo. Ikiwa inakwenda nusu mita kwa sekunde, milisekunde 300 ni sentimita 15. Basi ukingo wa meza yako uuhesabu kuwa umeanza sentimita 20 kabla, au uiweke sakafuni, ambako mimi ningeiweka.

Kabla ya Jumamosi, iweke juu ya boksi magurudumu yakiwa hewani. Nyanyua kidole yazunguke, kisha ficha mkono mgongoni. Rudia, na katikati ya mzunguko ua programu kwa `Ctrl+C`. Rudia tena, uzime blututhi ya laptopu. Mara zote tatu magurudumu yasimame kabla hujamaliza kutamka "moja, mbili". Jaribio la kwanza likipita na la pili likagoma, breki yako bado iko kwenye laptopu na haijahamia kwenye roboti.

Kuhusu kona, chukua tofauti ya x kati ya nukta 0, ya kifundo cha mkono, na nukta 9, ya shina la kidole cha kati, uone mkono umeinama kiasi gani, kisha utume namba badala ya herufi. Nitakuandikia vizuri ukishaniambia magurudumu yamefanya nini mara zote tatu.