Maswali na Majibu: Baa Mbili Zinazokwamisha Kipande Kizima

Mwalimu, huu ni mwaka wangu wa pili kwenye piano. Kuna kipande katika C ambacho baa ya 17 na ya 18 ni semikwava tupu mkono wa kulia. Baa ya 18, pigo la pili ni so-la-ti-do, la tatu ni re-mi-fa-so. Kila mara naanguka kwenye ile mi. Natumia vidole 1-2-3-4 kwa so-la-ti-do, kisha 5 kwa re. Kipande nimeshakirudia tangu mwanzo zaidi ya mara mia. Nifanyeje?

Mi yenyewe haina shida. Hesabu vidole vyako: ukifika re umeshatumia kidole cha tano, vidole vimekwisha, na bado una mi, fa na so za kupiga. Ili uipate mi, mkono mzima unanyanyuka na kuruka. Ukicheza taratibu unawahi kuruka, kwa hiyo kosa linajificha. Mwendo ukipanda huwahi tena, na sikio linaisikia mi ikianguka. Chanzo kiko noti mbili nyuma, kwenye do. Ndivyo ilivyo mara nyingi, noti unayoilaumu hulipa deni la noti iliyotangulia.

Andika kwa penseli juu ya noti: so kwa 1, la kwa 2, ti kwa 3, kisha do kwa 1 tena, gumba likipita chini ya kidole cha kati. Halafu re 2, mi 3, fa 4, so 5. Vidole vimetosha na mkono haukuruka.

Sasa kazi. Usianze na baa mbili, anza na noti mbili: ti na do. Kinachofundishwa hapo ni gumba tu. Likishaachia so, linaanza safari ya kwenda chini ya kiganja wakati kidole cha pili bado kinapiga la, lisisubiri ti. Ukiona kiwiko kinatoka nje ghafla au kifundo cha mkono kinazama ili do ipatikane, gumba limechelewa. Noti hizo mbili zikitulia, piga la-ti-do-re. Kisha so-la-ti-do-re-mi. Kisha pigo la pili na la tatu kwa pamoja, ukiishia kwenye noti ya kwanza ya pigo la nne. Hapo ndipo unapoiruhusu baa ya 18 yote, halafu ya 17 mbele yake.

Namba mpya zitakukera siku mbili tatu za mwanzo, kwa sababu vidole vimeshazoea zile za zamani mara mia. Mimi niliwahi kushikilia namba mbovu kwenye kipande kimoja karibu mwaka mzima, eti kwa kuwa nilishazizoea.

Kila mtu ananiambia "cheza pole pole". Pole pole ni ngapi kwenye metronomu?

Haina namba moja. Mwendo unaofaa ni ule ambao, kabla ya kupiga noti, tayari unajua kidole gani kinafuata na kiko wapi. Kipimo changu ni hiki: cheza kipande chako kidogo huku ukitaja kwa sauti namba ya kidole cha kila noti. Ulimi ukijikwaa, punguza mwendo, hata kama vidole vilipita salama. Vidole vinaweza kubahatisha lakini ulimi haubahatishi.

Tuchukue mfano. Lengo ni mapigo 96 kwa dakika, na kila pigo lina semikwava nne. Wengi huanza na nusu yake, yaani 48, wakidhani ni mwendo wa kobe. Mapigo 48 kwa noti nne ni noti 192 kwa dakika, zaidi ya tatu kila sekunde. Kwa noti ngeni hiyo bado ni haraka. Weka metronomu 60, lakini ihesabie noti mbili badala ya nne. Hapo mwendo halisi ni mapigo 30, na sasa unasikia kila kidole kikishuka.

Panda pale tu unapocheza mara tatu mfululizo bila kosa wala kusita. Ya tatu ikiharibika, hesabu inaanza upya. Kuna atakayekwambia hii ni ukali. Ni ukali kweli, lakini bila hiyo unachukua ile moja iliyobahatika na kuiita "nimeweza". Unapopanda, ongeza mapigo manne, na kila baada ya hatua mbili shuka moja uone kama kule chini bado kuko safi. Ukishuka ukakuta kumechafuka, ujue ulipanda kwa kujilazimisha.

Nilifanya kama vitabu vinavyosema: nikakata baa mbili ngumu, nikazizungusha nusu saa bila kusimama, zikatoka safi kabisa. Nikicheza kipande kizima zinavunjika tena pale pale. Nimekosea wapi?

Kwenye mishono. Kipande ulichokikata kina kingo mbili, na hukufanya mazoezi ya hata mmoja.

Angalia kwanza unavyozungusha. Ukitoka noti ya mwisho ya baa ya pili na kurudi moja kwa moja kwenye noti ya kwanza ya baa ya kwanza, unaufundisha mkono njia isiyokuwepo kwenye muziki. Pengine noti ya mwisho iko juu kabisa na ya kwanza iko chini, basi kwa nusu saa umefanya mazoezi ya kuruka kurudi chini. Ukija kwenye kipande kizima, mkono unataka kurudi huko huko.

Dawa yake ni noti moja zaidi. Kipande kiishie kwenye noti ya kwanza ya baa inayofuata, siyo kwenye mstari wa baa. Ukishaipiga, ishikilie, kisha toa mkono kabisa, uweke mapajani, pumua, ndipo uanze tena. Huo ukimya una kazi mbili. Unakata ile njia ya uongo, na unakulazimisha kutua upya kila mara, kama utakavyotua siku ya kucheza kweli. Nusu saa bila kusimama sikupendekezei kabisa. Baada ya dakika tano hivi sikio linaacha kusikiliza, vidole vinabaki peke yao. Fanya dakika tano, nenda ukurasa mwingine, rudi baadaye.

Sasa kuunganisha. Tuseme baa zako ni 17 na 18. Usirukie mwanzo wa ukurasa ukitumaini mema. Anza na pigo la nne la baa ya 16, pigo hilo moja tu, uingie noti ya kwanza ya 17 na usimame hapo. Hapa ndipo utakapoona jambo ambalo kuzungusha kulikuficha: mkono unaingia baa ya 17 ukitoka mahali fulani, labda kwenye kodi pana, noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, vidole vikiwa vimetanuka, na wewe umezoea kuianza ukiwa umekaa tayari juu ya noti. Ule mtanuko ndio unaovunja baa ya 17, siyo baa yenyewe. Rudia mwingilio huo mpaka vidole vikunjike kwa wakati.

Kisha ongeza kuelekea nyuma: pigo la tatu na la nne la baa ya 16 ukiendelea mpaka noti ya kwanza ya 18. Kisha baa ya 16 yote mpaka noti ya kwanza ya 19. Kisha 15 hadi mwisho wa 19. Kila unaporefusha, shusha metronomu hatua mbili tatu, kwa sababu akili ina mzigo zaidi hata kama vidole ni vile vile. Ulikuwa 80 kwenye baa mbili? Baa tano zianze 68.

Na kuna jaribio la mwisho ambalo halimdanganyi mtu. Anzia baa nane nyuma, cheza kwa mwendo wa baa ngumu, siyo wa baa rahisi. Wengi huanza kipande kwa kasi wanayoiweza kwenye ukurasa wa kwanza, halafu wanashangaa ukurasa wa pili ukiwaka moto.

Napiga gitaa. Lengo langu ni 120, semikwava. Nimepanda taratibu hadi 92 bila shida, kuanzia hapo mkono unakakamaa na sisogei wiki ya tatu sasa.

Hapa pole pole imefika mwisho wake, na watu hawapendi kulisema hilo. Mkono unaocheza taratibu una nafasi ya kufanya mambo ambayo mkono wa haraka hauwezi. Kidole kinanyanyuka mbali na uzi, piki inavuka uzi kwa upana, na kila noti inapata msukumo wake. Kwa 92 unapiga noti sita hivi kila sekunde na bado zinapita. Kwa 120 ni nane, na mwendo ule mpana hauna tena pa kuingia. Unachokiita kukakamaa ni mkono unaojaribu kufanya mwendo wa polepole kwa haraka.

Geuza mpango. Acha kupanda, weka 120 sasa hivi, ila cheza noti tano tu: nne za pigo moja na ya kwanza ya pigo linalofuata. Simama hapo mapigo matatu kamili, mkono ulegee. Rudia. Noti tano mtu anaweza kuzicheza kwa kasi kabla misuli haijajikaza. Chunguza vidole vimepanda umbali gani, na piki ilikuwa inashuka au inapanda wakati wa kuvuka kutoka uzi mmoja kwenda mwingine. Mara nyingi kikwazo kiko hapo hapo kwenye kuvuka, na kupanga upya noti ipi ipigwe kushuka kunamaliza ubishi.

Pigo la kwanza likitulia, fanya hivyo kwa la pili, kisha yaunganishe mawili: noti nane na moja, simama. Ukiona bega linapanda, umeunganisha mapema, rudi kwenye tano. Baada ya hapo rudi tena kwenye mwendo wa taratibu, lakini sasa cheza taratibu kwa ule mwendo mdogo ulioujua kwenye 120.

Mkono mmoja mmoja, au yote miwili pamoja tangu mwanzo?

Kama kosa ni la namba za vidole, mmoja. Kama kila mkono peke yake uko safi na pamoja inavunjika, kuendelea na mmoja mmoja ni kupoteza muda. Tafuta ni noti ipi mikono inakutana, piga mikutano hiyo tu, kisha jaza zilizo katikati.

Jana usiku nilifika 88 safi. Leo asubuhi hata 70 inanishinda. Jana nilijidanganya?

Hukujidanganya, ila 88 ya jana ilikuwa ya mkono uliokwisha kupasha moto na kurudia mara thelathini. Namba ya kuandika kwenye daftari ni ile ya jaribio la kwanza la asubuhi. Leo anza 64, kesho uone jaribio la kwanza linakupa ngapi.