Sauti ya kwaya iliyopasuka: kipi kinarudi, kipi hakirudi

*Shikamoo fundi. Nilirekodi kwaya yetu hapa Dodoma, akina mama wakipiga muheme. Kila ngoma ikilia sana sauti inapasuka. Nimeshusha volyumu kwenye Audacity, alama nyekundu zimepotea lakini bado inakwaruza. Inarekebishika?*

Marahaba dada. Sehemu kubwa ya mapigo ya ngoma itarekebishika. Pale waimbaji wenyewe walipopaza sauti, usitegemee sana.

Alama nyekundu huonyesha tu sampuli, yaani zile nukta zinazopima wimbi la sauti, zilizogusa ukomo wa juu. Ukishusha volyumu, wimbi linashuka likiwa vilevile limekatwa. Vuta karibu hadi uone nukta mojamoja: kilele kizima kina mviringo, kilichokatwa kina paa bapa.

Anza na faili halisi la WAV kutoka kwenye kinasa sauti, si lile lililopita WhatsApp. WhatsApp hugandamiza faili, na mgandamizo huo huyapindapinda mapaa bapa, na programu haiyatambui tena. Chagua kipande chenye tatizo, fungua Effect, kisha Clip Fix. Kiwango cha kutambua mkato huja kikiwa 95%, yaani asilimia ya sampuli yenye sauti kubwa kuliko zote katika kipande ulichochagua. Ukikishusha mno, vilele vizima navyo vitachongwa upya na utasikia milio ambayo haikuwepo. Acha ile -9 dB ya kupunguza sauti ilivyo, maana vilele vipya vitapanda juu kuliko vya zamani na vinahitaji nafasi. Fanya haya kabla ya kuondoa kelele au kugusa besi.

Sasa kuhusu ukomo wake. Chukua rekodi ya sampuli 44,100 kwa sekunde. Mlio wa ngoma wa 100 Hz unachukua sampuli 441 kwa mzunguko mmoja. Zikikatwa 20 pale juu, mteremko wa pande zote mbili unatosha kuonyesha kilele kilikuwa wapi, na programu inachora mstari unaokaribiana sana na ule wa kweli. Lakini kwenye pigo zito zaidi paa linaweza kufika sampuli 60. Sauti za waimbaji zilikuwa zimebebwa juu ya wimbi hilo la ngoma, na zile sehemu za 2,000 Hz zinazobeba matamshi zinamaliza mzunguko kwa sampuli 22 tu. Kwa hiyo karibu mizunguko mitatu imefutwa yote, na kingo hazina habari yoyote ya kilichokuwa katikati. Ngoma itasikika safi, ila neno lililoimbwa wakati huohuo litabaki na kovu. Mahali kama hapo mimi hunakili ubeti uleule kutoka kwenye marudio yaliyotoka salama, maana kiitikio huimbwa zaidi ya mara moja.

Safari ijayo, mwambie mpiga ngoma apige kwa nguvu zake zote kabla ya kuanza, kisha shusha geini ya kinasa sauti hadi vilele viishie karibu na -12 dB.