Suria si hawara: kuandika neno la mfasiri kitabu kinaporudi nyumbani

Nilipopewa kufasiri kitabu cha historia ya utumwa Unguja na Pemba, nilijiandaa kwa maneno nisiyoyajua. Kitabu chenyewe kimeandikwa kwa Kiingereza na msomi wa chuo kikuu, kurasa 300 na ushei, tanbihi zimejaa kila ukurasa. Nikajipangia kamusi za sheria, za uchumi na za ubaharia juu ya meza. Maneno nisiyoyajua yaliniisha baada ya mwezi. Yaliyonikalisha mwaka mzima ni matatu ambayo bibi yangu kule Wete akiyatamka huku anachambua mchele: suria, huru na kibarua.

Nyinyi mnaoanza kazi hii mtaambiwa kwamba neno la mfasiri ni zile kurasa mbili tatu za mwanzo za kushukuru watu na kuomba radhi kwa makosa. Hilo liandikeni kwa sentensi mbili, yatosha. Kurasa hizo ni mahali pa kumwonya msomaji juu ya maneno anayodhani anayajua. Neno gumu, geni, halihitaji kuwekwa pale. Msomaji akikutana nalo atasimama mwenyewe na kutazama faharasa. Neno alilolizoea halimsimamishi. Atalipita mbio, na maana ya leo kichwani, na sura nzima itampotea bila yeye kujua kwamba imempotea. Kitabu kinachotuhusu sisi, kilichoandikwa kwa lugha ya watu na sasa kinarudi kwenye Kiswahili, kimejaa maneno ya namna hiyo.

Nianze na suria, yaani mjakazi ambaye bwana wake amemweka kinyumba, maana hapo ndipo nilipoumbuka.

Mwandishi anatumia neno la Kiingereza ambalo kamusi nyingi za leo hulifasiri kwa hawara au kimada. Rasimu yangu ya kwanza niliandika hawara kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikaona nimefasiri kwa lugha ya watu wa leo. Nikampelekea maalim mmoja mstaafu wa Chake Chake anisomee sura ya maisha ya kasri. Alinirudishia baada ya siku mbili, kidole kikiwa juu ya ukurasa.

"Mwanangu, hapa umesema Sayyid Barghash mwana wa hawara?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema, maalim."

"Kitabu hakijasema hivyo. Umesema wewe."

Alikuwa na haki. Watoto wa Seyyid Said waliobakia nyuma yake walizaliwa na masuria. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wana wanne waliotawala Zanzibar mmoja baada ya mwengine kutoka 1856 hadi 1893, wote mama zao masuria. Sayyida Salme naye mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi. Hawara kwa Kiswahili chetu ni mapenzi ya nje ya sheria, na mtoto wake watu humwita wa haramu. Mtoto wa suria, baba akishamkubali, ni halali, ni huru, anarithi pamoja na watoto wa mke. Kwa neno moja nilikuwa nimewavua Masultani wanne urithi wao, na juu ya hilo nimeifanya sura nzima isieleweke, kwa sababu mwandishi anajenga hoja juu ya urithi huo.

Kosa lilionekana wazi zaidi kwenye sura ya 1897. Tarehe 6 Aprili mwaka huo Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria Unguja na Pemba. Masuria waliwekwa kando. Amri iliwahesabu kama walivyohesabiwa wake, wakabaki walipo, isipokuwa suria aliyedai kutengana kwa sababu ya kufanyiwa ukatili. Ilibidi wangoje mpaka 1909 ndipo nao wakaingizwa katika kufutwa huko. Sasa soma habari hiyo kwa neno hawara. Msomaji atajiuliza, hawara ana haja gani na amri ya Sultani? Si afunge kanga zake aende zake? Suria hawezi kufunga kanga akaenda, kwa kuwa ni mjakazi wa bwana yule yule anayelala naye. Kuachwa kwake nje ya amri kuna uzito wakati neno linabeba mambo mawili pamoja, utumwa na kitanda.

Kwa hiyo nikarudi kwenye suria. Lakini hapa ndipo wafasiri wengi huandika sentensi yao moja, "nimetumia suria kwa kuwa ndilo neno sahihi", wakafunga. Mimi pia niliandika hivyo mwanzo, na mhariri akanirudishia na alama ya kuuliza pembeni. Neno suria nalo lina kosa lake. Kwa sikio la Mzanzibari linanukia udi. Linaleta picha ya kasri, mabuli ya fedha, wanawake wa Kicherkesi na wa Kihabeshi. Wengi wa masuria wanaotajwa katika kitabu hiki walikuwa wanawake waliotolewa bara, wakiishi mashambani kwenye mikarafuu, na hakuna aliyewauliza wanataka au hawataki. Mwandishi anasisitiza jambo hilo, na neno langu linalipamba. Msomaji anayeishi Dodoma au Nakuru, kwa upande wake, huenda halijui kabisa.

Neno la mfasiri lazima liyaseme yote mawili: kwa nini umelichagua neno, na linaficha nini. Hii ndiyo aya niliyoishia nayo:

"Nimetumia suria, na nimekataa hawara na kimada, kwa sababu hadhi ya suria ilitambuliwa na sheria na mtoto wake alikuwa huru na mrithi. Msomaji asilichukulie neno hili kuwa la heshima. Suria alikuwa mtumwa, na ridhaa yake haikuwa sharti. Neno hili linapotokea mara ya kwanza katika kila sura nimeliandika 'mjakazi aliyewekwa suria', ili hali yake isisahaulike. Maafisa wa Kiingereza walilitumia neno lao pia kwa mwanamke yeyote aliyekaa na mwanamme bila ndoa. Mahali hapo nimeandika 'mwanamke wa kinyumba'."

Sentensi hiyo ya mwisho ilinigharimu wiki mbili. Ripoti za maafisa zinazonukuliwa kitabuni hazitofautishi. Njia niliyoitumia ni kujiuliza kila mahali: je, mwanamme huyu anammiliki mwanamke huyu? Kama aya inataja bwana, au mtoto mwenye haki ya kurithi, ni suria. Kama hao wawili wote walikuwa watumwa shambani, au mwanamme ni baharia aliyepanga chumba mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, basi hakuna umiliki, na kuandika suria ni kumtwisha mtu utumwa asiokuwa nao. Pamebaki mahali patatu ambapo aya haisemi. Pale nimebakisha suria na kuweka tanbihi kwamba haijulikani.

Neno huru lilinisumbua kwa njia nyengine. Kiingereza cha kitabu kina istilahi mbili: bwana kumwachia mtumwa wake kwa hiari, na serikali kuwatoa watumwa kwa sheria. Kiswahili cha mazoea kingesema "kupewa uhuru" kwa zote mbili, na mwandishi ameandika sura nzima kuonyesha kwamba watu wenyewe waliona tofauti. Bwana akimwacha mtu huru, ni tendo la dini, lina thawabu, na baina ya pande mbili hubaki uhusiano unaotambuliwa na sheria ya Kiislamu. Karatasi ya mahakama ni kitu chengine. Wako waliotaka neno la bwana wao hata baada ya serikali kufungua mlango.

Nilifikiria "ukombozi" kwa ile ya serikali. Nikaliacha, kisha nikalirudia, kisha nikaliacha tena. Kukomboa asili yake ni kutoa mali ili kitu kilichoshikwa kitoke, na kweli serikali iliwalipa wenye watumwa fidia, basi neno lingekaa vizuri kuliko nilivyodhani. Lakini nani Zanzibar atalisoma neno ukombozi asisikie siasa za karne ya 20? Nikamaliza hivi: tendo la bwana ni "kuacha huru", na mtendaji hutajwa daima, tendo la 1897 ni "kufutwa kwa hali ya kisheria ya utumwa". Refu, najua. Mhariri alitaka "kukomeshwa kwa utumwa", na nilibishana naye, kwa sababu amri haikumfanya mtu yeyote huru siku ile. Ilisema mahakama hazitatambua tena madai ya umiliki. Mtumwa ilibidi aende mwenyewe aombe, na akishatambuliwa aonyeshe ana makaazi na njia ya kujikimu, la sivyo huhesabiwa mzururaji. Ukiandika "utumwa ulikomeshwa 1897", sura inayofuata, yenye watu wanaoendelea kuwa watumwa miaka kadhaa baadaye, itaonekana kama kosa la mwandishi.

Na kaa macho na ndugu yake, uungwana. Aliyeachwa huru hakuwa mwungwana. Mwungwana ni aliyezaliwa huru, kwenye ukoo unaojulikana. Leo mwungwana ni mtu mwenye adabu. Nililibakisha neno kwa maana yake ya kale, nikaonya kwa sentensi moja.

Sasa, haya yote huwezi kuyakumbuka mwishoni. Anzeni daftari siku ya kwanza. Langu lilikuwa na safu nne: ukurasa, neno la asili, nililochagua, nililokataa na sababu. Hiyo ya nne ndiyo neno la mfasiri lenyewe, limeshajiandika. Neno likikataliwa mara moja, liache. Likikubishia kurasa kumi tofauti, litahitaji aya. Na ukibadili uamuzi katikati ya kitabu, usifute. Andika tarehe na urudi nyuma kurekebisha, maana mimi nilipata hawara wawili kwenye prufu ya pili, wamejificha ndani ya tanbihi.

Kibarua sikumweka kwenye neno la mfasiri. Mwandishi ameliacha kwa Kiswahili na kuwafafanulia wasomaji wake kuwa ni mfanyakazi wa kutwa. Ufafanuzi huo kwa Kiswahili hauna maana, ni sawa na kusema kibarua ni kibarua. Tena unapotosha: vibarua wengi wa mjini karne ya 19 walikuwa watumwa, wakikodishwa kwa siku, na ujira wakigawana na bwana, jina lenyewe linatokana na kile kijibarua walichopewa. Niliondoa ufafanuzi wake nikaweka wangu. Mchapishaji alikuwa amenipa kurasa mbili tu, suria na huru wamezijaza. Kibarua akahamia tanbihi ya ukurasa wa 61.