Ukiulizwa "una uhakika gani?" kwenye maswali ya uroho

Jana kuna mdogo wangu mmoja kaniandikia: "Kaka, kwenye usaili wa kazi ya programu, swali la kuchagua vikao nilipata jibu sahihi kabisa, jamaa anayenisaili akaniuliza una uhakika gani, nikamwambia nimejaribu mifano mingi, wakanitosa." Imeniuma, manake swali hilohilo ndo lilinipa kazi niliyonayo, na siku ile nilitoka kifua mbele, sio kwa sababu ya msimbo, msimbo wenyewe ni mistari michache tu, ni kwa sababu ya hoja.

Swali mnalijua, ni la uroho, yaani kila hatua unachukua kinachoonekana bora muda huo bila kurudi nyuma: ukumbi mmoja, vikao vinagongana, chagua vingi iwezekanavyo. Mimi jamaa alinitega mapema, "Kwa nini usianze na kifupi zaidi?" Nikachora ubaoni: A saa 2 hadi 6, B saa 5 hadi 8, C saa 7 hadi 11. B ndo kifupi, masaa matatu, ila ukikichukua kinagonga A na kinagonga C, unabaki na kimoja wakati A na C vinaingia vyote. Mfano mmoja unatosha kuua kanuni mbovu, ila hata mifano elfu haithibitishi kanuni nzuri, na hapo ndo wengi mnaangukia jamani.

Kanuni nzuri ni kuchukua kinachoisha mapema kuliko vyote. Nilimwambia hivi: nipe ratiba yoyote iliyo bora, sijali umeipataje. Kikao chake cha kwanza tukiite K, changu kinachoisha mapema tukiite M. Toa K, weka M. Kuna kitu kitagongana? Hakuna, sababu vingine vyote kwenye ratiba yako vinaanza K kikishaisha, na M hakichelewi kuisha kuliko K. Idadi iko palepale, kwa hiyo ipo ratiba bora inayoanza na M. Sasa futa vyote vinavyogongana na M, kinachobaki ni swali lilelile ila dogo, rudia hoja hiyohiyo mpaka vikao viishe.

Jump Game, lile swali la orodha ambapo kila namba ni mruko mrefu zaidi unaoweza kuruka kutoka hapo, na unaulizwa kama utafika mwisho, usiilazimishe kwenye hoja hii. Pale unabeba namba moja tu, nafasi ya mbali kabisa unayoweza kufika, na unasema kila nafasi kabla ya hapo inafikika pia, kwani anayeweza kuruka 3 anaweza kuruka 1 au 2. Kwenye `[3,2,1,0,4]`, tukihesabu kuanzia 0, unafika nafasi ya 3 na mbali bado ni 3, nafasi ya 4 iko nje, jibu ni hapana.

Halafu jiandae na swali la mtego: je, vikao vikiwa na malipo? Tuseme B kinalipa laki tano, A na C laki moja moja. Hoja inavunjika palepale kwenye "toa K, weka M", sababu idadi haipungui ila hela inapungua. Mwambie hivyo waziwazi, kisha panga vikao kwa muda wa kuisha, na kwa kila kimoja linganisha kukiacha na kukichukua pamoja na ratiba bora ya vilivyoisha kabla hakijaanza.