Kichwa ulichoandika, na kile ambacho Google inaonyesha

Ukianza kazi ya tovuti, siku moja mteja atakupigia: "Mbona Google imeandika kichwa kingine?" Kabla ya kugusa chochote, tofautisha vitu viwili. Kichwa cha bluu kwenye matokeo ya utafutaji kina sababu zake, na maelezo yaliyo chini yake yana zake.

Anza na kichwa. Kikiishia kwa nukta tatu, mara nyingi kimekatwa tu kwa kukosa nafasi. Maneno yakiwa tofauti kabisa, fungua ukurasa, bonyeza Ctrl+U uone msimbo wake wa HTML, utafute mistari hii miwili. Chukua ukurasa wa muuza vifaranga:

```html
<title>Bei za vifaranga 2023</title>
<h1>Bei za vifaranga 2025</h1>
```

Mwenye tovuti amekuwa akisasisha `h1`, yaani kichwa kinachoonekana kwenye ukurasa, ila `title` iliyojificha haikuguswa. Google inaona mwaka umepitwa, inachukua cha `h1`. Hapo imemsaidia mteja. Tangu Agosti 2021 inafanya hivyo kwa upana zaidi: inaangalia pia maandishi makubwa ya ukurasa na hata maneno ya viungo vinavyoelekea hapo. Hubadilisha pia pale `title` inapokuwa "Nyumbani" kwenye kurasa zote, au imerundikwa maneno yaleyale ya kutafutia. Dawa ni kuifanya `title` na `h1` ziseme jambo moja, kila ukurasa na lake. Hakuna amri ya kuilazimisha Google itumie `title` yako kama ilivyo, kwa hiyo usimwahidi mteja hivyo.

Maelezo ya chini ni habari nyingine, maana yanabadilika kulingana na kilichotafutwa. Tuseme `meta description`, yaani maelezo mafupi uliyoyaandika kwenye msimbo wa ukurasa, inasema "Karibu kwetu, tunauza vifaranga bora." Mtu akitafuta "chanjo ya vifaranga", sentensi hiyo haimjibu, basi Google inachota ndani ya ukurasa aya inayotaja chanjo. Kuhakikisha, tafuta tena kwa maneno yaliyomo kwenye `meta description` yako. Ikitokea safari hii, ujue inasomeka vizuri, ila haikufaa swali la kwanza. Mimi hali hiyo huiacha ilivyo, kwa sababu mtafutaji amepata alichotaka.

Ninachokirekebisha ni pale Google inapochota takataka, kama tangazo la vidakuzi au maneno ya menyu. Sehemu hiyo izungushie hivi:

```html
<div data-nosnippet>Tovuti hii hutumia vidakuzi</div>
```

Usikimbilie `nosnippet` ya ukurasa mzima, kwani itaondoa maelezo yote na kichwa kitabaki peke yake.

Ukishasahihisha, ingia Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, weka anwani ya ukurasa kwenye URL Inspection, kisha bonyeza Request Indexing. Mabadiliko huchukua siku kadhaa, pengine wiki, kwa hiyo mwambie mteja mapema asikupigie kesho yake.